Abaluhya ilivyogeuka Ingwe: kisa cha jina lililobadilishwa kwa amri likabaki mdomoni

Ukikaa upande wa mashabiki wa buluu na nyeupe pale Nairobi siku ya mechi kubwa, utasikia neno moja likirudi na kurudi: Ingwe. Halimo kwenye jina rasmi la klabu. Jina rasmi ni AFC Leopards, na herufi hizo tatu zina maelezo marefu kiasi kwamba shabiki aliyezaliwa baada ya 1990 anaweza kuyakosa kabisa ukimwuliza. Lakini Ingwe kila mtu anaijua. Ni chui, kwa Kiluhya.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mara nyingi naulizwa na vijana wanaoanzisha timu za mtaa swali lile lile: tujiiteje? Wanataka jina ambalo hakuna mwingine analo, lisilomfukuza mtu, na la kuimbika. Kila mara hujikuta narudi mwaka 1980. Klabu hii ilibanwa na mambo hayo matatu kwa mpigo, na tena haikuwa na muda wa kutafakari.

Tuanze nyuma kidogo. Mwaka 1964, miezi michache baada ya uhuru wa Kenya, timu kadhaa ndogo za Waluhya ziliunganishwa kuwa moja yenye jina la Abaluhya. Kabla ya hapo kila jamii ndogo ilikuwa na timu yake: Wanyore na yao, Wamarama na yao, Watiriki, Wakisa, Wasamia, kila mtu na kwao. Jina Abaluhya ndilo lililowakusanya. Na hapa ndipo kisa kinapoanza kupendeza, kwa sababu neno lenyewe halikuwa la kale sana. Hizo jamii, ambazo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kama 18, zilianza kujiita kwa jina moja katika miaka ya 1930 na 1940, wakati wa ukoloni, ili ziwe na sauti moja. Wengi hulieleza kuwa ni watu wa moto mmoja, yaani ule moto wa nje ambapo wazee wa ukoo walikaa asubuhi wakaota na kusemezana.

Kwa hiyo jina ambalo baadaye lilishtakiwa kuwa la kikabila lilizaliwa likiwa jina la kukaribisha. Mtu wa Bunyore alipoingia Abaluhya hakuwa anajifungia. Alikuwa anatoka kwao kwenda kwenye kitu kikubwa zaidi. Ungemwambia mwaka 1964 kwamba jina lake linabagua, angekushangaa. Ubaguzi unaonekana tu ukisimama nje ya mlango. Kwa kijana wa Kikamba au wa Kimijikenda mwenye kipaji cha kufunga mabao, Abaluhya lilikuwa linasema wazi mlango ni wa nani.

Watu wakijadili majina hupenda kuuliza kama neno fulani "ni baya". Swali hilo halifiki mbali. La maana zaidi ni hili: nani yuko nje, na anasikia nini akilisikia? Jibu hubadilika timu inapokua. Jina lililotosha wakati mnacheza na vijiji vya jirani linaweza kuwa dogo siku mtakapocheza ligi ya taifa, nalo halijabadilika hata herufi moja.

Timu ilikua kweli. Ilitwaa ubingwa wa Kenya mara kadhaa miaka ya 1960 na 1970, na mwaka 1979 ikachukua Kombe la Klabu Bingwa la Afrika Mashariki na Kati. Joe Kadenge, mshambuliaji ambaye redio ilimgeuza kuwa msemo, "Kadenge na mpira", alikuwa miongoni mwa waliolipa jina hilo uzito. Hapa nichepuke kidogo: usemi ule wa redio ulidumu kwa sababu ya mapigo yake. Ka-DE-nge na m-PI-ra. Pande mbili zinazolingana kama mizani, mkazo umekaa mahali pamoja kila upande. Hakuna aliyekaa kuupanga. Mambo ya namna hiyo yana kanuni zake, nami nitazirudia.

Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi, aliyekuwa madarakani tangu 1978, iliamua vyama vya kikabila vivunjwe. GEMA ya Wakikuyu, Waembu na Wameru ikavunjwa. Luo Union ikavunjwa. Upepo huo ukazifikia klabu za mpira: timu yenye jina la kabila ilipaswa kulibadilisha. Sasa fikiria uko kwenye kamati ya Abaluhya. Una kombe la kanda kabatini, una mashabiki waliozoea kuliita jina hilo miaka 16, una jezi, una barua zenye nembo, na unaambiwa jina liondoke.

Kamati ilirudi na jina hili: All Footballers Confederation Leopards. Maana yake ni shirikisho la wanasoka wote. Ukilisoma kwa utulivu ni jina zito, la ofisini, na wala halina ladha. Hata mimi nilipolisikia kirefu chake mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Lakini lisome kwa herufi za mwanzo. Klabu ya mpira ya Abaluhya kwa Kiingereza, Abaluhya Football Club, ilikuwa AFC. Shirikisho la wanasoka wote, All Footballers Confederation, ni AFC vilevile. Walitoa neno lililokatazwa, wakaweka pale pale neno linalosema "wote", na herufi hazikusogea. Aliyezoea kuandika AFC ukutani kwa chaki aliendelea kuandika AFC. Mtangazaji hakuhitaji kujifunza upya. Serikali nayo haikuwa na la kulalamikia, maana huwezi kumshtaki mtu kwa kusema wanasoka wote.

Iweke kando ya jirani. Luo Union, klabu yenye ubingwa wa Kenya na Kombe la Klabu Bingwa la kanda mara mbili mfululizo, 1976 na 1977, nayo iliguswa na amri ile ile. Ikawa Re-Union. Waliondoa Luo, wakabakiza Union, wakatanguliza Re. Naelewa walichotaka, nacho ni kile kile walichotaka wenzao: kubakiza kitu cha zamani. Lakini walichobakiza ni sehemu isiyokuwa na mwenyewe. Union ni neno la kila mtu. Tanga kuna Coastal Union, na ukitafuta Ulaya utazipata kwa makumi. Lililokuwa likilitofautisha jina hilo ni lile neno Luo, na sasa limeng'olewa, basi kilichobaki kinafanana na ukuta wenye alama ya picha iliyoondolewa. Klabu hiyo haikuwahi tena kuwa bingwa wa Kenya. Sisemi jina ndilo lililoiangusha. Timu huanguka kwa pesa, kwa uongozi na kwa wachezaji kuhama. Nasema tu kwamba jina halikuipa msaada wowote siku zilipokuwa ngumu.

Gor Mahia je? Jina lake limedumu hadi leo. Iliundwa mwaka 1968 na mashabiki wake wengi walikuwa Waluo sawasawa na wa Luo Union, lakini jina lake halikuwa la kabila. Ni la mtu: Gor, mganga maarufu aliyesifika kwa miujiza, mwana wa Ogada, mjukuu wa Ogalo. Kutoka kwa huyo babu ndipo mashabiki walipochota K'Ogalo, ambalo leo linaimbwa pengine kuliko jina lenyewe. Kwa karatasi, jina la mtu wa hadithi halibagui. Kwa sikio, kila aliyekuwa Nairobi mwaka 1980 alijua Gor ni wa wapi. Amri ya serikali inasoma maandishi; watu wanasoma kumbukumbu.

Sasa turudi kwenye Leopards, maana AFC ilitatua tatizo la ofisi tu, na mpira hauimbwi ofisini.

Kama ningekuwa kwenye kamati ile, neno Leopards ndilo lingenipa mashaka. Kwanza, si la pekee. Timu ya taifa ya Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilikuwa ikiitwa Leopards tangu zamani, na ilikwenda nayo Kombe la Dunia mwaka 1974, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika huko. Ng'ambo ya mto, Kongo nyingine ina klabu ya AC Leopards mjini Dolisie. Bila zile herufi tatu mbele, jina la Nairobi lingechanganywa na majirani kila linapovuka mpaka. Hapo tunajifunza kitu kuhusu upekee ambacho vijana wengi hawakifikirii: si lazima kila neno liwe jipya. Inatosha jina zima, jinsi watu wanavyolitamka kwa kawaida, lisiwe la mwingine. Simba ni neno la kawaida kabisa katika Kiswahili. Uganda ilikuwa na Simba ya jeshi, na Kenya huita timu yake ya raga Simbas. Hata hivyo ukisema "Mnyama wa Msimbazi", hakuna atakayeuliza ni ipi.

Pili, na hili ndilo kubwa, Leopards haliimbiki. Litamke. Linaishia kwenye rundo la konsonanti, na sauti inafungwa mdomoni kabla haijatoka. Uwanjani kinachosafiri mbali ni irabu. Konsonanti hufa baada ya mita chache, hasa s, t, f na k. Kuna upepo, kuna ngoma, kuna mavuvuzela. Ukimsikiliza mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde utagundua unasikia "aaa" na "ooo", neno unalikisia. Kwa hiyo jina la kuimbwa linataka kuishia kwenye irabu iliyo wazi, ambayo umati unaweza kuivuta hadi pumzi iishe. A na o ndizo bora. E inafaa. I na u ni nyembamba, midomo imebana, sauti haijazi uwanja.

Kisha kuna mapigo. Kiswahili, pamoja na lugha nyingi za jamaa yake, huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno la silabi mbili, kwa hiyo, linaanza kwa nguvu na kumalizia kwa kuachia: SI-mba, YA-nga. Hayo ni makofi mawili, kila mtoto anayajua kabla ya kwenda shule. Neno la silabi tatu lina mkazo katikati, ka-DE-nge, ko-GA-lo, na umati hulipiga makofi matatu kisha unanyamaza pigo moja, unarudi tena. Ukimya ule ni mzuri sana kwa sababu ngoma hujaza pengo. Silabi nne huimbika zikigawanyika mbili mbili. Tano na kuendelea, mashabiki watalikata, upende usipende.

Mfano mzuri zaidi wa kukata uko Dar es Salaam. Klabu ya 1935 ilijiita Young Africans. Hilo ni jina la mkutano, la karatasi. Mdomo wa mtaani ulilichukua lile neno la kwanza, ukalipa irabu mwishoni, likawa Yanga, na leo kuna watu wengi wanaoipenda klabu hiyo hadi kulia ambao hawaandiki Young Africans mara moja kwa mwaka. Watani wao walipita njia ndefu zaidi: 1936 walianza na Queens, wakawa Eagles, wakawa Sunderland, na mwaka 1971 ndipo wakawa Simba. Majina matatu ya kigeni, yote yakiishia kwenye konsonanti, yakadondoka moja moja. La nne, la Kiswahili, lenye silabi mbili na a mwishoni, ndilo limekaa zaidi ya miaka 50. Sidai sababu ilikuwa sauti peke yake. Ile ilikuwa enzi ya kuyatupa majina ya kikoloni. Lakini sauti ilisaidia kulifunga.

Na hivyo ndivyo mashabiki wa Nairobi walivyofanya na Leopards. Walilichukua wakalirudisha nyumbani. Chui kwa Kiluhya ni ingwe: silabi mbili, mkazo wa kwanza, e mwishoni. Unaweza kulisema kwa kofi mbili, unaweza kulivuta. Jina la Kiingereza likabaki kwenye msimamo wa ligi, na jina la Kibantu likashika jukwaa. Jukwaa likamaliza kazi ambayo kamati iliianza. Nadhani hili ndilo jambo la busara kuliko yote katika kisa hiki, na huenda halikupangwa: kamati ilichagua mnyama, si kauli mbiu. Mnyama ana jina katika kila lugha. Kila jamii inaweza kumwita kwa lugha yake na bado ikamtaja yule yule. Jaribu kufanya hivyo na "United" au "Confederation" uone utafika wapi.

Kuna atakayeniuliza, na ni haki: kama mashabiki wanaimba kwa Kiluhya, ujumuishi uko wapi? Si ile Abaluhya imerudi kwa mlango wa nyuma? Nimelifikiria sana. Jibu langu ni kwamba zipo tofauti mbili. Abaluhya linamtaja mtu: ama wewe ni huyo, ama si huyo. Ingwe linamtaja mnyama, na Mkamba akipiga kelele "Ingwe" hadanganyi kuhusu yeye ni nani. Ya pili ni kwamba neno halikuwekwa na katiba ya klabu. Liko mdomoni, na lililo mdomoni hakuna awezaye kumzuia mwingine asiliimbe. Lakini ukweli lazima usemwe: kubadili jina hakukubadili jukwaa. Hadi leo mtu wa kawaida Nairobi akisikia AFC Leopards anafikiria Waluhya, na akisikia Gor Mahia anafikiria Waluo. Jina linaweza kufungua mlango. Haliwezi kumpanga kocha nani acheze wala kumchagua mwenyekiti.

Klabu yenyewe haikuyumba. Ilishinda ligi ya Kenya mwaka huo huo wa 1980, ikarudia 1981 na 1982, na ikalitwaa kombe la kanda miaka mitatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Hii ni bahati ambayo kamati nyingi hazipati. Jina jipya linapokuja na kushindwa, watu hulilaumu jina. Hili lilikuja na makombe, likaota mizizi kabla mtu hajapata nafasi ya kulichukia. Ndiyo maana nawaambia vijana, ikiwezekana, wasibadili jina katikati ya msimu mbaya.

Sasa tulete kisa mtaani. Tuseme kikundi cha vijana kinataka jina, na wameshaandika maneno kwenye karatasi. Nitayachukua machache yanayojitokeza karibu kila mara, niyapitishe mahali Abaluhya ilipopitia.

"Umoja" huwa la kwanza. Lina maana nzuri, silabi tatu, linaishia na a. Kwa sauti ni jina safi kabisa. Tatizo ni kwamba kila mtu alishalichukua: vikundi vya akina mama, vyama vya kukopeshana, na kwa Nairobi ni mtaa mzima wa Eastlands, kwa hiyo msikilizaji atadhani mnatoka huko. Likiunganishwa na jina la mahali penu linaweza kupona, lakini peke yake limechoka. "Tumaini" linaimbika kwa kugawanywa, tu-ma / i-ni, ila linaishia na i mbili nyembamba, na sehemu nyingi linasikika kama jina la kanisa au kituo cha watoto. Kijana Mwislamu hatafukuzwa nalo, lakini atajiuliza kidogo, na kujiuliza kidogo huko ndiko tunakotaka kukuepuka. "Mshikamano" ni silabi tano, litakatwa, na huwezi kujua litakatwa wapi. "Mwewe" ni la kupendeza, lakini mwewe huiba vifaranga, na siku mtakapofungwa wapinzani watalikumbuka hilo kabla ninyi hamjalikumbuka. Wapinzani nao wana sauti. Angalieni Yanga na Simba wanavyoitana Utopolo na Makolo: utani hauzuiliki, ila hakuna haja ya kuuandalia kuni.

Kuna neno "Boys". Timu nyingi za vijana hulitia bila kufikiri, kisha miaka miwili baadaye wasichana wanakuja mazoezini na jina linawaambia wao ni wageni. Shirikisho la Tanzania lilikutana na jambo hili likalitatua kwa kuweka majina mawili: Serengeti Boys kwa wavulana wa chini ya miaka 17 na Serengeti Girls kwa wasichana. Linafanya kazi kwa sababu neno la kwanza, Serengeti, ndilo lenye uzito na ni la wote. Kiswahili kimetupa faida hapa ambayo lugha nyingine hazina: nomino zetu hazina jinsia. Simba, Shujaa, Twiga, ni wa kiume na wa kike bila kuongeza kitu. Kwa hiyo anzeni na neno lisilo na jinsia. Mkihitaji kutenganisha timu baadaye mtaongeza mkia. Na historia ina utani wake: klabu ya wanaume iliyoanza 1936 kwa jina la Queens ndiyo leo yenye timu ya wanawake inayoitwa Simba Queens.

Herufi za mwanzo ziandikeni kwa ukubwa kwenye ubao kabla ya kushona nembo. AFC iliokolewa na herufi. Nyingine huzamishwa nazo. Nimewahi kumwona mtu akipendekeza kwa moyo safi "Chama cha Michezo" likiandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno. Andika C, C, M. Nchini Tanzania, utatumia muda mwingi kueleza kwamba ninyi si tawi la chama tawala kuliko mtakaotumia kucheza.

Kisha litoeni nje. Jaribio langu ni la kizamani na halihitaji chochote. Mtu mmoja anasimama golini, wengine wanasimama goli la pili, yaani karibu mita 100 kwenye uwanja kamili, na wanaliita jina mara tatu bila kumwambia ni lipi kati ya majina yaliyobaki kwenye karatasi. Aandike alichosikia. Majina yanayoishia kwa konsonanti hupotea yote mapema, na mara kwa mara mawili yanasikika sawa, basi moja linatoka. Yanayobaki yaimbwe kwa makofi dakika mbili mfululizo. Dakika mbili ni ndefu. Jina lililoonekana tamu kwenye karatasi huanza kuchosha ulimi kufikia dakika ya pili, na lile la kawaida hupata mdundo wake.

Waulizeni pia wazungumzaji wa lugha za mtaa wenu neno hilo lina maana gani kwao, hasa wazee, kwa sababu vijana wa mjini hawazijui zile maana za pembeni. Halafu nendeni kwa msajili wa michezo mkaangalie kama jina halijasajiliwa na mwingine. Hatua hii ni fupi, lakini watu huifanya mwisho, wakati jezi zimeshachapishwa.

Jambo moja siwezi kulipima kwa jaribio. Baada ya yote hayo, mashabiki watalikata, watalitafsiri, watalibandika lakabu ambalo kamati haikulifikiria. Mkiwa mmeacha nafasi, kama kamati ya 1980 ilivyoacha mnyama ndani ya jina, watafanya hivyo kwa mapenzi. Harambee Stars nayo ni mfano wa namna yake: neno lenyewe lilikuwa mwito wa watu wanaovuta kitu kizito kwa pamoja, mmoja anaanza, wengine wanajibu. Timu ya taifa ya Kenya ilipewa jina lililokuwa limeshaimbwa tayari, kazi ya umati ikawa kujibu tu.

Na mechi ile kati ya Ingwe na K'Ogalo, jamii mbili zilizooana vizazi na vizazi magharibi mwa Kenya, mashabiki waliipa jina lao. Wanaiita debi ya Mashemeji.